Kutoka herufi elfu mbili hadi meseji mbili

Mwanaidi ni mpishi wa shughuli hapa Tabata. Ana masufuria makubwa, majiko ya gesi na vijana wawili wa kumsaidia, na ukimpa taarifa mapema atakulishia watu mia mbili bila mtu kulalamikia wali mbichi. Anaishi nyumba ya pili kutoka kwangu. Mimi kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupunguza habari za wenzangu gazetini. Mwandishi analeta maneno 900, nafasi ukurasani ni ya maneno 350, anayetafuta pa kukata ni mimi. Majirani wanalijua hilo, kwa hiyo barua ikiwa ndefu inaletwa kibarazani kwangu. Nimeshapunguza barua za kuomba kazi, za kumlalamikia mwenye nyumba, hata hotuba ya mshenga. Ya kumwomba radhi rafiki ilikuwa haijawahi kuletwa. Majina nimebadilisha, na wenyewe wameniruhusu kusimulia.

Kisa chenyewe ni hiki. Neema, rafiki wa Mwanaidi tangu wakiwa wasichana, alifiwa na baba yake. Mwili uliagwa nyumbani siku ya Jumamosi kabla ya kusafirishwa kwenda Lushoto, na wazee kadhaa wa ukoo walikuwa wameteremka kuja kuufuata. Neema alimpa Mwanaidi shilingi 300,000 za mchele, nyama na viungo ili wageni wale kabla ya safari. Jumamosi hiyohiyo Mwanaidi alikuwa na kazi ya harusi Kigamboni. Akadhani zote mbili ataziweza. Saa saba mchana, Neema alipoanza kupiga simu, Mwanaidi alikuwa ng'ambo anapakua biriani.

Neema hakugomba. Alimbloku tu WhatsApp, na baada ya muda akamwambia rafiki yao mmoja: "Akiwa na la kusema aandike meseji ya kawaida. Asinipigie."

Kauli hiyo ndiyo iliyoleta simu ya Mwanaidi mikononi mwangu. Alikuwa ameandika usiku kucha. "Dada, nimemaliza, ninyooshee tu." Nanukuu hapa karibu yote, nimeacha sehemu alizorudia na emoji alizotapanya kila mstari:

"Shoga angu kipenzi, habari za siku nyingi, natumai wewe na familia hamjambo na Mungu anaendelea kuwatia nguvu katika kipindi hiki kigumu. Mimi sijambo ila moyo hauna amani kabisa tangu siku ile, silali, sili, hata wateja wananiuliza mbona umekonda. Kwanza kabisa naomba unisamehe kama nilikukwaza kwa namna moja au nyingine. Mimi ni binadamu na binadamu hatujakamilika. Siku ile mambo yaliingiliana sana. Kulikuwa na kazi ya watu Kigamboni niliyoichukua tangu mwezi uliopita na walishanipa advansi, nikasema nitaiwahi asubuhi halafu nirudi kwako, ila pantoni ikachelewa na foleni ilikuwa haijawahi kutokea, na simu ikaisha chaji nikashindwa kukutaarifu. Na yule kijana niliyemwambia alete masufuria kwako naye akaniangusha. Nikajikuta nimekwama. Unajua mimi na wewe tumetoka mbali, ulipojifungua mtoto wa pili nani alikaa na wewe Amana, si mimi? Na kipaimara cha mwanao nilipika sikudai hata shilingi. Kwa hiyo unajua mimi siyo mtu wa hivyo. Baba yako alikuwa kama baba yangu, hata sufuria hizi kubwa yeye ndiye alinidhamini kwa mwenye duka Kariakoo, naumia sana. Nimesikia watu wanasema nimekula hela ya msiba, naapa sijala, hela ipo. Najua umenikasirikia na una haki, ila naona tusameheane yaishe, maisha mafupi. Tafadhali nijibu hata neno moja tu nijue umenisamehe maana nitaugua presha. Nakupenda sana shoga angu."

Ujumbe mzima ulizidi herufi 2,000. Kwa WhatsApp hilo lisingekuwa tatizo la mtambo, ungekatwa katikati na kuwekewa mahali pa kubonyeza ili usome zaidi. Kwa meseji ya kawaida mambo ni mengine. Meseji moja inabeba herufi 160, nafasi kati ya maneno zikiwa zimehesabiwa. Ukizidisha, simu inaugawa ujumbe katika vipande vya herufi 153 kila kimoja, maana nafasi ya zile saba inatumika kubeba alama za kuviunganisha upande wa pili. Hapo tayari Neema angepokea vipande 14. Halafu kuna hizo emoji. Orodha ya herufi inayoruhusu 160 haina emoji hata moja. Ukiweka mikono iliyofumbatwa mara moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambao kipande kimoja kinabeba 70, na ukigawanywa 67. Radhi ya Mwanaidi ingegharimu meseji 30 hivi, na alikuwa na bando la dakika tu. Mimi mwenyewe hunasa kwenye jambo dogo zaidi: nikiandika kwenye kompyuta kisha nikanakili kwenye simu, kile kikoma cha juu cha "ng'ombe" hutoka kimepinda, na kilichopinda hakimo kwenye ile orodha. Ng'ombe mmoja anatosha kukushusha kutoka 160 hadi 70.

Nilimwambia nafasi aliyonayo ni meseji mbili, herufi 306. Akacheka akidhani namtania.

Sikuanza kukata. Kwa habari ya gazeti unaweza kuanza na kalamu moja kwa moja, kwa sababu tukio linajulikana na kinachopunguzwa ni mapambo. Hapa sikuwa na uhakika kwamba tukio lenyewe limo. Nilimrudishia simu yake, nikaigeuza kifudifudi mezani, nikamwuliza: "Ulimfanya nini Neema?"

"Nilichelewa."

"Ulifika saa ngapi?"

Kimya. "Sikufika."

"Kwa nini hukufika?"

"Pantoni, dada."

"Daraja je?"

Hapo alikasirika, na nilimwelewa. Daraja la Kigamboni limefunguliwa tangu mwaka 2016, kila mtu wa Dar anajua kwamba pantoni ikigoma unazunguka Kurasini, unalipa tozo, unavuka. Neema naye anajua. Ubaya wa kila sababu unayoitaja kwenye radhi ni huu: inamkaribisha msomaji aihakiki. Badala ya kukaa na neno "nisamehe", anakaa anakupigia hesabu za barabara. Na chaji? Mwanaidi alikuwa ameweka stetasi saa sita mchana, sinia la biriani na maua ya plastiki pembeni, na Neema aliiona kabla hajambloku. Simu iliyopiga picha saa sita ikaisha chaji saa saba inawezekana, lakini si kwa mtu aliyeachwa na msiba. Nilimwuliza kuhusu hiyo chaji kwa upole. Akasema, "Niliizima. Nilipoona jina lake linaita, niliizima."

Ndipo ikaja sentensi niliyokuwa naitafuta, aliitoa haraka kama mtu anayetema mfupa: "Nilichukua hela yake nikaenda kupika harusi, halafu nikazima simu."

Nikaiandika kwenye kipande cha karatasi. Hiyo ndiyo habari. Kwenye zile herufi elfu mbili na zaidi haikuwemo hata mara moja, ingawa vipande vyake vilikuwa vimetawanyika humo kwa sura nyingine.

Ukirudi kwenye ujumbe mrefu ukaangalia vitenzi peke yake, utaona ulivyofanya kazi ya kumficha. Mambo yaliingiliana. Kulikuwa na kazi. Pantoni ikachelewa. Simu ikaisha chaji. Kijana akaniangusha. Nikashindwa. Nikajikuta. Kiswahili kina njia nyingi za kusimulia kosa bila mkosaji, na tunazitumia kutwa bila kukusudia ubaya. Mtoto akivunja glasi anasema imevunjika, na wewe unaelewa. Kwa mtu aliyeumia sentensi za namna hiyo zikifuatana zinakera, kwa sababu anasoma mistari mitano ya siku ile na haoni ndani yake mtu aliyefanya jambo. Dawa yake ni ya kisarufi na haina machungu ya kifasihi: kila kitenzi kinachohusu kosa kianze na "nili" na kiwe cha kutenda. Nilipokea. Nilikwenda. Nilizima. Mwanaidi alilikubali la kupokea na la kwenda. La kuzima alibishana nalo muda mrefu kuliko yote.

"Nikiandika nilizima, ananiona mchawi."

"Sasa hivi anakuonaje?"

Akaniangalia, akavuta kiti karibu.

Basi tukaanza kufuta, naye ndiye aliyeshika simu. Nilitaka mkono uwe wake. Kigezo nilichompa kilikuwa kimoja: soma sentensi, kisha sema inampunguzia nani mzigo. Ikikupunguzia wewe, futa.

Kwa kigezo hicho silali na sili zilikwenda kwanza, pamoja na kukonda. Ni kweli alikuwa amekonda, nilimwona. Lakini ukimwandikia mfiwa kwamba wewe huli, unamwachia kazi ya kukupa pole, na yeye ndiye aliyezika. Presha ikafuata kwa sababu hiyohiyo. Kijana wa masufuria akaondoka. Hata kama alizembea, aliyeaminiwa na Neema hakuwa yeye. Advansi ya harusi nayo, kwa kuwa Neema vilevile alikuwa amelipa, tena yote.

Amana na kipaimara vilimuuma kuvifuta. "Lakini ni kweli nilikaa naye." Ni kweli. Nilimweleza kwamba Neema hajasahau, na kwamba hisani ukiitaja siku unayoomba radhi inageuka deni. Msomaji anasikia "unanidai". Isitoshe, ile sentensi ilikuwa imeandikwa kama swali, "nani alikaa na wewe, si mimi?", na swali la namna hiyo mtu huliuliza akiwa katikati ya ugomvi.

"Kama nilikukwaza kwa namna moja au nyingine" sikuhitaji kueleza sana. Neema alimbloku, hakuna "kama" hapo. Na "kwa namna moja au nyingine" ni maneno ya kwenye hafla za kuagana kazini, unayasema mbele ya watu arobaini ambao hujui umemkosea nani. Mwenye kosa linalojulikana akiyatumia anaonekana anakwepa kulitaja.

"Tusameheane" ilitupa shida zaidi. Ni kauli nzuri. Tunaambiana siku za Idi, tunaambiana kabla ya safari, hata kwenye msiba msemaji wa familia huitumia. Mwanaidi aliipenda kwa sababu inapoza. Ila ina watu wawili ndani yake, kila mmoja na kosa lake, na katika kisa hiki Neema hakuwa na lolote la kusamehewa. Alilipa, akasubiri, akapiga simu. Nikamwambia hiyo aiweke akiba ya Idi.

Salamu je? Hapa nilisitasita mimi. Kumwandikia mtu kwa Kiswahili bila salamu ni ukavu, na kama angekuwa anamwandikia mkubwa wake nisingekubali ziondolewe. Lakini "habari za siku nyingi" kwa rafiki ambaye unazijua habari zake, na sehemu ya habari hizo umezisababisha wewe, inasikika kama mtu aliyevaa uso wa sherehe. Tuliamua jina lake litangulie, "Neema", peke yake, bila shoga wala kipenzi. Mwanaidi alisema hajawahi kumwita Neema hivyo tangu wajuane. Nikaona ndiyo sababu mojawapo ya kulitumia. Tena kuna jambo la simu: kwenye kioo kilichofungwa kinachoonekana ni mstari wa kwanza au miwili. Kama mistari hiyo ni salamu na dua, mwenye hasira anaiacha hapohapo. Kama ni jina lake na kosa lenyewe, ameshasoma kabla hajaamua kusoma.

Pole ya msiba nayo tuliitoa, na hili najua wengine hawatakubaliana nami. Mwanaidi alikuwa hajampa Neema pole ana kwa ana. Kuichomeka katikati ya radhi kwa meseji kungekuwa kumaliza mambo mawili kwa safari moja, na pole ya kufiwa baba haipelekwi hivyo kama mnaishi mji mmoja. Ilibaki kama deni jingine, lenye siku yake.

Baada ya kufuta, kilichobaki kilikuwa na upungufu ambao sikuutegemea. Kosa limo, jina limo, hela imo. Neema hakuwemo. Katika ujumbe ule mrefu wote hapakuwa na sentensi hata moja inayosema Neema alipatwa na nini siku ile. Tulikuwa tunajua mchana wa Mwanaidi kwa dakika, pantoni, biriani, chaji, na hatukujua chochote cha kule Tabata uani ambako wageni walikuwa wameketi chini ya turubai wakisubiri sahani.

Mwanaidi alidhani hilo litajazwa na "najua nimekuumiza sana". Nikamkatalia. Kila anayeomba radhi anaandika hivyo, kwa kosa lolote, kwa mtu yeyote. Nikamtuma ampigie yule rafiki wa katikati, na nikamzuia kuuliza lile analotaka kuuliza, yaani Neema ana hasira kiasi gani. Aulize kilichotokea tu: watu walikula nini?

Alirudi jioni, na hakuwa na maneno mengi. Neema aliazima masufuria mawili kwa majirani, lakini nyama haikuwepo na muda ulikwisha, gari la mwili lilikuwa limepangiwa saa. Wakanunua mikate dukani, wakachemsha chai. Wazee wa Lushoto walikula mkate wamesimama, mmoja wao baba mdogo wa marehemu, mtu wa miaka themanini na kitu, halafu wakapanda gari. Neema alikwenda kwa kila mmoja kuomba radhi. Yaani Neema ndiye aliyeomba radhi siku ile, kwa kosa la mwenzake.

Nikamwambia achague kimoja tu katika hayo. Alichagua mkate.

Tukajaribu kubana kila kitu ndani ya meseji moja, kwa ushindani zaidi kuliko kwa haja. Ikatoka hivi:

"Neema, pesa ya chakula cha msiba nilipokea, nikaenda kupika harusi. Wazee wa Lushoto wakala mkate mkavu kwako. Nilikosa. Nisamehe. 300,000 yako naituma leo."

Herufi 156. Kama mhariri nilifurahi sana. Nikamwomba aisome kwa sauti, na alipomaliza sote wawili tuliona kasoro. Inasikika kama maelezo aliyoyaandikisha polisi. Kila neno ni la kweli, lakini ungeweza kumpa mtu yeyote mwenye kosa la namna hiyo akaituma. Mwanaidi mwenyewe hayumo, yumo mtuhumiwa. Hata "mkate mkavu" niligundua ni chumvi niliyotia mimi, hakuna aliyetuambia ulikuwa mkavu, na chumvi ndogo kama hiyo Neema angeionja mara moja.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kupunguza. Watu wakishaambiwa wafupishe wanafika mahali pa "Samahani kwa yote yaliyotokea", maneno manne, wanaona wamefaulu. Ufupi wa namna hiyo unaficha vizuri kabisa kama urefu ulivyoficha. Njia niliyozoea ya kupima ni kufunika majina yote mawili na kujiuliza kama ujumbe unaweza kupelekwa kwa mtu mwingine na bado ukaeleweka. Ukiweza, kuna kitu cha hawa wawili kimekatwa ambacho hakikupaswa kukatwa.

Tukarudi kwenye ule mrefu kukitafuta. Kilikuwa kimejificha katikati ya malalamiko: zile sufuria. Baba yake Neema ndiye aliyekwenda na Mwanaidi Kariakoo, enzi zile anaanza, akamdhamini kwa mwenye duka achukue sufuria kwa mkopo. Mara ya kwanza tulipopita hapo tuliifuta sentensi nzima kwa sababu ilikuwa imefungwa pamoja na "naumia sana" na "alikuwa kama baba yangu". Sasa nikaona kwamba ukiiondolea hayo yaliyoizunguka, inafaulu kigezo vizuri kuliko nyingine zote. Haimpunguzii Mwanaidi mzigo, inamwongezea: marehemu ndiye aliyemwezesha kuwa na sufuria, na siku ya kumuaga marehemu sufuria hizo zilikuwa harusini. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwandikia Neema sentensi hiyo.

Kilichotumwa, baada ya kuandika na kufuta mara kadhaa, ni hiki:

"Neema, nilipokea pesa ya chakula cha kumuaga Baba, nikaenda kupika harusi Kigamboni. Simu nilizima mwenyewe. Wazee wa Lushoto wakala mkate, na sufuria zile Baba ndiye alinidhamini. Nimekosa, nisamehe. 300,000 yako naituma leo. Si lazima unijibu. Mwanaidi"

Maneno 36, herufi 254, meseji mbili na nafasi ikabaki. Mwanaidi alitaka kuijaza nafasi hiyo na "nakupenda". Tuliiacha wazi.

"Si lazima unijibu" imekaa mahali pa "nijibu hata neno moja". Hili alilipinga kwa hoja nzuri: "Nikimwambia si lazima, si nitaonekana sijali?" Nikamwuliza jibu analolitaka ni la nani, la Neema au lake. Unapomwambia mtu akujibu kwamba amekusamehe, umeshampangia jibu na umempangia na muda. Neema alikuwa na siku chache tangu arudi kutoka Lushoto, ana nguo za msiba hajafua. "Leo" kwenye sentensi ya hela ndiyo ahadi pekee yenye tarehe, na ilikuwa ya Mwanaidi kutimiza, si ya Neema.

Kuhusu hela tulijadili itangulie au ifuate. Ikitangulia bila neno, Neema anapata tu taarifa ya muamala yenye jina la Mwanaidi, na inaonekana kama mtu anayelipa ili yaishe. Neno likitangulia na hela ikalala hadi kesho, ni maneno matupu. Tulikubaliana meseji kwanza, muamala ndani ya robo saa, na gharama ya kutolea iongezwe juu ili Neema akitoa apate 300,000 kamili. Hilo la gharama ya kutolea lilikuwa wazo la Mwanaidi, sikulifikiria.

Muda nao tulichagua. Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Alitaka kutuma usiku uleule saa sita kasoro, alipokuwa na uchungu, na meseji ya saa sita usiku katika nyumba yenye msiba inamshtua mtu, anadhani amefiwa tena. Nikamwonya pia kwamba meseji ya kawaida ikishakwenda imekwenda. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, na ukifuta inabaki alama kwamba umefuta. Huku hakuna hata hicho. Kwa hiyo aliisoma kwa sauti mara ya mwisho asubuhi, akiwa amelala na ameamka, na akabadilisha neno moja: "nilikosa" ikawa "nimekosa". Alisema la kwanza linasikika kama jambo la zamani. Nikamwachia.

Kuna kazi ambayo meseji hiyo haiwezi, na sikutaka adhani inaweza. Inamtosha Neema kwa kuanzia, kwa sababu ni rafiki na ni yeye aliyesema aandikiwe. Mama yake Neema na wale wazee ni habari nyingine. Mtu mzima haombwi radhi ya msibani kwa simu. Kwa mama yake anakwenda mwenyewe, ametanguliza mtu mzima wa kumsemea, amekaa chini, na pole yake ya msiba ndiyo inayofungua mazungumzo. Huko maneno yanaruhusiwa kuwa mengi. Na ile hadithi ya pantoni na kijana wa masufuria haikupotea, inangoja siku Neema atakapouliza "ilikuwaje hasa?". Akiuliza, anataka kujua, na hapo kueleza ni kumheshimu. Asipouliza, Mwanaidi atakaa nayo.

Neema alijibu kesho yake jioni: "Hela imefika. Nimesoma."

Mwanaidi alikuja mbio na simu, tayari ameshaanza kuandika. Nilipoangalia, alikuwa amefika mstari wa saba na pantoni ilikuwa imerudi. Nikamwuliza Neema ameuliza nini. Hakuuliza kitu. Tukafuta, akaandika "Asante kwa kusoma", akaituma, akaizima data ili asiendelee.

Kwa mama yake Neema alikwenda Jumapili iliyofuata na shangazi yake. Neema alikuwepo, akawaletea maji, hakukaa. Siku hizi wanasalimiana sokoni Tabata, na Neema bado hajamfungulia WhatsApp.